Kutoka saa 5,000 hadi saa 71

“Naomba niongezewe saa 5,000 za GPU kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamivu. Modeli ninazotumia ni kubwa na muda uliobaki ni mfupi. Natanguliza shukrani.”

Tuchukulie kwamba barua pepe hii imeandikwa na mwanafunzi anayeifundisha kompyuta kusikia Kiswahili cha sokoni na cha vituo vya daladala, mahali ambapo muuzaji anataja bei huku honi zinalia na redio ya jirani inaimba. Amekusanya saa 100 za sauti na kuziandika neno kwa neno. Kazi ni ya kweli na ina faida. Hata hivyo mratibu wa mitambo akiisoma barua hii hana la kufanya nayo, kwa kuwa hakuna mahali panapoonyesha 5,000 imetoka wapi.

GPU ni kadi iliyoanza kama chombo cha kuchorea picha kwenye skrini. Inaweza kufanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja, na kufundisha modeli ni hesabu za aina hiyo. Chuo hununua kadi chache, huziweka kwenye seva za pamoja, na watu hupanga foleni. Kipimo cha matumizi ni saa ya GPU, yaani kadi moja ikishikiliwa kwa saa moja. Neno la kuzingatia hapo ni kushikiliwa. Ukichukua kadi nne kwa saa tatu umetumia saa 12, hata kama tatu kati ya hizo zilikaa bure, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuzigusa.

Kwa hiyo mratibu anaposoma 5,000 anagawanya kwa 24. Anapata siku 208 za kadi moja isiyopumzika usiku wala mchana. Muhula wa wiki 16 una siku 112. Mwanafunzi ameomba karibu kadi mbili zifungwe kwake muhula mzima, na pengine yeye mwenyewe hajui kwamba hicho ndicho alichoomba.

Dawa yake ni jaribio dogo. Mwanafunzi ana modeli ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022 kwa ukubwa mbalimbali, naye amechagua ile iitwayo small, yenye vigezo milioni 244. Haina haja kuifundisha hadi mwisho ndipo ajue gharama. Anaiendesha hatua 200 tu kwenye kadi ileile atakayotumia baadaye, kisha anapima sekunde kwa kila hatua. Hatua 20 za mwanzo haziingizwi kwenye wastani, maana wakati huo programu bado inapakia faili na kujipanga, na huwa za polepole kuliko zitakazofuata. Tuseme amepata sekunde 1.6.

Sasa hesabu inajiendesha yenyewe. Sauti zake zimekatwa vipande vya sekunde tano tano, kwa hiyo saa 100 ni vipande 72,000. Kila hatua inameza fungu la vipande 32, basi kuzipitia sauti zote mara moja ni hatua 2,250. Zidisha kwa sekunde 1.6, unapata sekunde 3,600, saa moja kamili. Anakusudia kuzipitia mara kumi, na kila akimaliza mzunguko anaijaribu modeli kwa sauti isizowahi kuzisikia, kazi ya dakika 12. Mizunguko kumi ni saa 10 za kufundisha na saa mbili za kujaribu. Funzo moja kamili ni saa 12.

Mafunzo mangapi? Hapa ndipo swali la utafiti lenyewe linapoingia kwenye barua, na ndipo waombaji wengi wanapoteleza, kwa kuwa wanaeleza umuhimu wa utafiti badala ya kueleza muundo wake. Mwanafunzi wetu anataka kujua kama modeli itasikia vizuri zaidi sokoni iwapo atachanganya kelele kwenye sauti za kufundishia, au atabadilisha kasi ya usemaji, au yote mawili, au asifanye lolote. Hizo ni hali nne. Kila hali ataifundisha mara tatu, kwa mianzo tofauti ya bahati nasibu, ili tofauti ndogo ya makosa isimdanganye kuwa amegundua jambo kumbe ni bahati tu. Nne mara tatu ni mafunzo 12, na 12 mara saa 12 ni saa 144. Kabla ya hapo anahitaji majaribio mafupi sita ya kutafuta kasi nzuri ya kujifunza, kila moja la mizunguko miwili, jumla saa 14.4. Tumefika 158.4.

Juu yake anaweka asilimia 20 kwa ajili ya kazi zitakazokatika: umeme, kumbukumbu ya kadi kujaa, muda wa foleni kuisha kabla ya funzo kumalizika. Nyongeza hii haimchukizi mratibu ilimradi iandikwe wazi na iambatane na kinga yake, yaani kuhifadhi hali ya modeli kila baada ya hatua 500, ili kazi iliyokatika iendelee pale ilipoachia. Jumla inakuwa saa 190. Tayari 5,000 imekufa, na hakuna mtu aliyemnyima kitu.

Lakini mratibu anayeijua kazi yake hataishia hapo. Atauliza: kwa nini vipande ni vya sekunde tano?

Swali linaonekana dogo. Jibu lake liko ndani ya Whisper yenyewe. Modeli hii hupokea sauti kwa madirisha ya sekunde 30. Kipande kikiwa kifupi, nafasi iliyobaki hujazwa ukimya, na sehemu ya modeli inayosikiliza hupita juu ya ukimya huo kwa jasho lilelile la kupita juu ya maneno. Kipande cha sekunde tano kinagharimu karibu sawa na cha sekunde 25. Sehemu kubwa ya zile saa 144 ingeenda kusikiliza kimya. Yeyote anayekadiria mahitaji kwa saa za sauti alizonazo, bila kuhesabu vipande, atakosea mara kadhaa, na kosa halitaonekana popote: kadi itaonekana inafanya kazi kwa nguvu zote.

Mwanafunzi anaunganisha vipande vitano vitano vya msemaji mmoja, pamoja na maandishi yake. Vipande vinabaki 14,400, na mzunguko unakuwa wa hatua 450. Maandishi yamerefuka, kwa hiyo sehemu inayoandika ina kazi zaidi. Akipima tena anapata sekunde mbili kwa hatua. Mzunguko mmoja sasa ni sekunde 900, robo saa badala ya saa nzima.

Ila kuna mpaka. Modeli hujirekebisha mara moja kila hatua, na hatua zimepungua mara tano. Mizunguko kumi ileile huenda isitoshe. Anaamua kwenda mizunguko 20, ambayo ni saa tano, na kuijaribu modeli kila baada ya mizunguko miwili, saa mbili nyingine. Vipande vya kujaribia haviunganishi, kwa kuwa sokoni watu husema sentensi fupi. Funzo moja ni saa saba, mafunzo 12 ni saa 84. Majaribio mafupi sita, kila moja sasa la mizunguko minne, ni saa 8.4. Ukiongeza asilimia 20 juu ya hiyo 92.4, unapata saa 111. Katika mgawo wake wa mwanzo wa saa 100 amebakiwa na 40. Anachohitaji ni 71.

Kuhusu matumizi ya nyuma, asimngoje mratibu aulize. Mitambo mingi ya vyuo huendeshwa na programu ya foleni iitwayo Slurm, na mtumiaji mwenyewe anaweza kuona kumbukumbu zake:

```
sacct -X -u $USER -S 2025-03-01 --format=JobID,Elapsed,AllocTRES%40,State
```

Mratibu anaona orodha hiyohiyo. Kama ndani yake mna kazi tano zilizokufa kwa muda kuisha, afadhali barua iseme kwa nini na nini kimerekebishwa. Vilevile amri ya `nvidia-smi` ikionyesha kadi inatumika asilimia 30 tu wakati wa kufundisha, tatizo mara nyingi ni faili za sauti kusomwa polepole na kichakato cha kawaida huku kadi ikisubiri. Hapo kuongezewa saa ni kuongezewa muda wa kusubiri. Kinachosaidia ni kuziandaa sauti mapema, au kuomba viini zaidi vya kichakato.

Kishawishi kingine ni kuomba kadi nne ili kumaliza haraka. Kadi nne hazileti kasi mara nne, kwa sababu kila hatua hutumia muda kupeana matokeo. Funzo la saa saba likiisha kwa saa mbili na robo kwenye kadi nne, mwanafunzi ameokoa jioni yake na kulipa saa tisa. Kwa mafunzo 12 yasiyotegemeana, ni bora kila moja lipate kadi yake na kuingia foleni lenyewe.

Barua ya pili inaweza kuwa hivi:

“Ndugu Mratibu, habari za kazi. Naomba saa 71 za GPU juu ya 40 zilizobaki kwenye mgawo wangu, hadi mwisho wa muhula. Nafundisha Whisper small kwa saa 100 za sauti za sokoni, nikilinganisha hali nne za kuandaa sauti, kila hali mara tatu. Jaribio la hatua 200 kwenye kadi moja ya A100 limeonyesha sekunde 2.0 kwa hatua. Kwa hatua 450 kwa mzunguko na mizunguko 20, pamoja na kuijaribu modeli, kila funzo ni saa 7; mafunzo 12 ni saa 84. Majaribio ya awali ni saa 8.4. Nimeongeza asilimia 20 kwa kazi zitakazokatika; hali ya modeli inahifadhiwa kila hatua 500. Kazi mbili za mwezi uliopita zilikatika kwa sababu nilikuwa sijaweka uhifadhi huo. Kumbukumbu za jaribio nimeziambatisha. Ikiwa saa zote hazipatikani, nitaanza na hali mbili, sauti asilia na sauti zenye kelele, ambazo zinahitaji takriban saa 61 kwa jumla, yaani nyongeza ya saa 21. Nitakuandikia funzo la kwanza likiisha, ili tulinganishe saa 7 nilizokadiria na zilizotumika.”

Ile saa 61 ni mafunzo sita ya saa saba, majaribio yote ya awali, na asilimia 20 juu yake: 50.4 inakuwa 60.5. Mratibu anaweza kuikagua kwa kalamu akiwa mezani. Na funzo la kwanza likitumia saa tisa badala ya saba, mwanafunzi atajua siku ileile kwamba mafunzo 12 yatahitaji saa 24 zaidi, akiwa bado ana muda wa kuandika tena au kupunguza hali moja.