Aprili imeshuka? Angalia kwanza Ramadhani ilianguka wapi

Shemeji yangu ana chaneli ya mapishi kwenye YouTube: mahamri, kaimati, viazi karai, mambo ya jikoni ya kwetu. Mei 2025 alitaka kuiacha kwa sababu Aprili ilikuwa imeshuka sana ukilinganisha na Aprili ya 2024. Kijana wa kumrekodi analipwa, bando inanunuliwa, na yeye akaona pesa zinapotea bure. Nikamwambia asifunge kitu mpaka tuzipange hesabu zake mwezi kwa mwezi. Kazi yenyewe ni ya jioni moja, na wengi humu Pwani wenye chaneli za mawaidha, taarabu au mpira wanaweza kuifanya vilevile.

Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, ingia `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Chagua `Date`, weka kipindi unachotaka, halafu ubonyeze alama ya mshale wa kupakua. Nashauri uchukue mwaka mmoja mmoja, maana jedwali likizidi safu 500 hukatwa. Ukichagua `.csv` utapata faili kadhaa zimefungwa pamoja. Unayoihitaji ni `Table data.csv`. Ibandike kwenye Google Sheets, katika ukurasa ulioupa jina `Data`. Hakikisha tarehe ziko safu wima ya A na `Views` ziko B, kwa sababu mpangilio hubadilika kulingana na ulichochagua.

Fungua ukurasa wa pili, uuite `Mwezi`. Kwenye A2 andika tarehe mosi ya mwezi wa kwanza, kwa mfano 2024-01-01, na A3 uandike `=EDATE(A2,1)` kisha uivute chini ili miezi ijipange yenyewe. Kwenye B2 weka hii, nayo uivute chini:

```
=SUMIFS(Data!B:B,Data!A:A,">="&A2,Data!A:A,"<"&EDATE(A2,1))
```

Ukiona sifuri kila mahali, tarehe zako zimesomwa kama maneno. Dalili yake ni kwamba zimeegemea kushoto mwa kisanduku badala ya kulia. Zibadilishe ziwe tarehe halisi. Jambo jingine: faili ya YouTube huja na safu ya `Total` juu kabisa. Fomula hii huiruka kwa kuwa `Total` si tarehe, lakini ukitumia `SUM` ya kawaida utahesabu kila kitu mara mbili. Usiifute mara moja. Jumlisha miezi yako yote uone kama inalingana nayo. Isipolingana, kuna siku zimepotea njiani.

Sasa C2, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote:

```
=B2/DAY(EOMONTH(A2,0))
```

Huu ni wastani wa siku. Chaneli iliyotazamwa mara 28,000 Februari na 31,000 Machi inaonekana imekua, kumbe Februari yenye siku 28 na Machi yenye 31 zote zimetoa 1,000 kwa siku.

Hata hivyo wastani huo peke yake haukumtosha shemeji. Aprili 2024 alipata 42,000, Aprili 2025 akapata 30,000. Lakini mwezi wa Kiislamu husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kwa tarehe alizofunga yeye, Ramadhani ya 2024 ilianza 12 Machi ikaisha 9 Aprili. Ya 2025 ilikuwa 2 hadi 30 Machi. Aprili moja ilikuwa na siku tisa za futari, nyingine haikuwa na hata moja. Na chaneli ya kaimati huchemka Ramadhani.

Basi tukafungua ukurasa wa tatu, `Misimu`, mwanzo wa kipindi A na mwisho wake B:

```
=SUMIFS(Data!B:B,Data!A:A,">="&A2,Data!A:A,"<="&B2)/(B2-A2+1)
```

Zile siku tisa za Aprili 2024 zilikuwa zimebeba 22,500, yaani 2,500 kwa siku. Siku 21 zilizobaki ziligawana 19,500, chini kidogo ya 930 kwa siku. Aprili 2025 nzima ilikuwa 1,000 kwa siku. Siku zake za kawaida zilikuwa zimepanda! Kijana wa kamera hakuachishwa. Kilichobadilika ni ratiba, mapishi ya futari yakawa yanarekodiwa Shaabani.

Kila mwezi mpya, ngoja siku tatu nne zipite kwanza, kwani takwimu za siku za mwisho huchelewa kukamilika. Kisha pakua mwezi uliokwisha, ubandike siku zake chini ya zile za zamani, bila kichwa wala `Total`.

Saa za kutazamwa na wafuasi unaweza kuwajumlisha kwa fomula hiyohiyo, ukibadilisha `Data!B:B` tu. `Unique viewers` usiwajumlishe kamwe. Mtu aliyeangalia Jumatatu na Alhamisi ni mmoja kwa mwezi, ila kwa siku anahesabiwa mara mbili. Hiyo isome kwenye YouTube yenyewe kwa mwezi mzima, uiandike kwa mkono.