Mtihani wa Juni: Ununue, au Uanze Benki Yako ya Maswali?

Mwalimu wa bukukipingi wa Kilosa mjini au Mikumi anayeuona mwezi Juni unakuja ana njia tatu. Anunue mtihani uliokwisha kutungwa, aokoteze maswali ya NECTA ya miaka iliyopita, au aanzishe benki yake ya maswali yenye ramani. Kama fedha ni kidogo, chukua ya tatu, na malighafi yake uitoe kwenye ya pili. Ya kwanza ina gharama inayojificha mpaka siku ya kusahihisha.

Tupige hesabu ya darasa la wanafunzi 40, kwa bei za mfano. Weka za steshenari yako. Tuseme mtihani wa kununua ni shilingi 10,000 kwa nakala mama, una kurasa 6, na kudurufu ni shilingi 100 kwa ukurasa. Kudurufu peke yake ni 24,000, hivyo jumla 34,000. Mtihani wako mwenyewe wa kurasa 4, ukichapwa kwa 1,000 kila ukurasa, ni 4,000 na nakala 16,000: jumla 20,000. Ongeza kaunta buku la 5,000 mara moja tu. Nauli ya kufuata mtihani Morogoro mjini bado sijaihesabu.

Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe jambo moja: mwongozo wa kusahihisha umo? Katika somo hili mtihani bila mwongozo ni kazi nusu. Utakaa usiku kuandaa akaunti zote wewe mwenyewe, na ukikuta urari haukai sawa hutajua kama umekosea wewe au aliyetunga.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye mada. Karibu kila swali la uhasibu linabeba mada zaidi ya moja. Swali linasema "andaa akaunti za leja kisha toa urari", alama 20, na muuzaji amelihesabu kuwa la urari. Ukilifungua, alama 16 ni za leja na 4 tu ndizo za urari. Maswali matatu ya namna hiyo yanatosha kuugeuza mtihani mzima kuwa wa leja, na mwanafunzi aliyekosea leja anaadhibiwa mara tatu kwa kosa moja.

Ndiyo maana ramani inatangulia maswali. Chukua kaunta buku, andika mada ulizofundisha tangu Januari na vipindi vilivyotumika. Tuseme ni vipindi 50: leja 15, urari 5, daftari la fedha la safu tatu 12, fedha ndogondogo 6, usuluhisho wa benki 12. Mtihani una alama 100, kwa hiyo kila kipindi kinastahili alama 2. Leja inapata 30, urari 10, daftari la fedha 24, fedha ndogondogo 12, usuluhisho 24. Hesabu vipindi ulivyofundisha kweli, si vilivyo kwenye azimio la kazi. Mada iliyopangiwa vipindi 12 ikafundishwa 4 kwa sababu ya michezo haistahili alama 24.

Kisha gawa alama za kila mada kwa ugumu: rahisi, kati, gumu. Mgawanyo wa 40, 40 na 20 kwa mtihani mzima unafaa darasa mchanganyiko. Kwenye usuluhisho, alama 24 zinaweza kuwa 8 rahisi, 10 kati na 6 gumu.

Hapo kwenye ugumu ndipo wengi wanapotapeliwa na macho. Tarakimu kubwa hazifanyi swali kuwa gumu. Hatua ndizo zinazofanya. Chukua daftari la fedha lenye salio la benki 840,000, hundi ambayo haijawasilishwa 150,000, amana ambayo benki haijaiingiza 200,000, na ada ya benki 12,000. Ukimpa mwanafunzi salio lililokwisha kurekebishwa, 828,000, anaongeza 150,000 na kutoa 200,000, anapata 778,000 ya taarifa ya benki. Hilo ni la kati. Ukimpa 840,000 pamoja na kurasa mbili za kulinganisha, agundue mwenyewe kwamba ada haimo daftarini, jibu ni lilelile 778,000, ila swali sasa ni gumu.

Kubadili tarakimu ili swali la zamani litumike tena ni bure, na ni njia nzuri. Lakini badilisha salio la kuanzia liwe 40,000 uone: toa ada, baki 28,000, ongeza 150,000, toa 200,000, unaangukia 22,000 chini ya sifuri. Mteja sasa anadaiwa na benki, na mwanafunzi ambaye hajazoea salio la upande huo atakwama. Kila ukibadili tarakimu, fanya swali lote upya kabla ya kuacha lebo ileile ya ugumu.

Malighafi iko bure kwenye tovuti ya NECTA: mitihani iliyopita, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa ndizo dili lenyewe, kwa sababu zinataja mada ya kila swali na kuonyesha watahiniwa walivyolifanya: 65 hadi 100 ni vizuri, 30 hadi 64 ni wastani, 0 hadi 29 ni hafifu. Zinakupa lebo ya kuanzia bila kulipia zaidi ya kifurushi cha kupakua. Angalizo moja: hao ni watahiniwa wa kidato cha nne waliomaliza mada zote. Kwa kidato cha tatu mwezi Juni, swali la wastani liandike gumu kwanza, kisha lipime kwa watoto wako.

Kulipima ni rahisi. Baada ya kusahihisha, jumlisha alama zote za darasa kwenye swali, gawa kwa alama ambazo darasa lingepata kama wote wasingekosea. Swali la alama 10 kwa wanafunzi 40 lina alama 400; darasa likipata 148, hiyo ni asilimia 37. Juu ya 70 liite rahisi, chini ya 30 gumu, katikati ni kati. Ulilolibandika rahisi likarudi na asilimia 20, soma maneno yake kabla ya kulaumu darasa. Mara nyingi "hundi zisizowasilishwa" na "amana zisizoingizwa" zimewekwa katika sentensi moja isiyoeleweka.

Kaunta buku au simu? Kaunta buku halihitaji umeme wala chaji, na linadumu. Jedwali la kwenye simu linashinda maswali yakizidi mia, kwa sababu linakujumlishia. Mada ikiwa safu B, ugumu C, alama E, na "Ndiyo" kwenye G kwa swali ulilochagua, alama ngumu za usuluhisho ni:

```
=SUMIFS(E:E,B:B,"Benki",C:C,"Gumu",G:G,"Ndiyo")
```

Swali lenye mada mbili liandike mistari miwili, kila mstari na alama zake. Safu F iwe ya mwaka uliotumia swali mara ya mwisho.

Gharama ya mwisho haimo kwenye risiti. Ukichapisha steshenari, faili linabaki kwenye kompyuta yao, na mwanafunzi wako ni mteja wa hapohapo. Nenda na flashi, simama pale mpaka kurasa zimalizike, faili lifutwe mbele yako na pipa la taka la kompyuta nalo limwagwe. Nakala zilizoharibika ondoka nazo. Na benki nzima usiipeleke dukani. Peleka maswali ya Juni tu.