Mirija au Mabamba? Maji ya Miwa Ndiyo Huamua

Maji ya miwa yanapotoka kwenye vinu huchanganywa na chokaa, kisha hupashwa moto hadi nyuzi joto 103 hivi ili uchafu ugande na kutuama. Kazi hiyo hufanywa na kibadilisha joto cha aina moja kati ya mbili. Ya kwanza ni silinda iliyojaa mirija: maji hupita ndani ya mirija, mvuke huizunguka kwa nje. Ya pili ni mabamba membamba ya chuma yaliyokunjwa mawimbi na kubanwa pamoja, maji na mvuke vikipishana katika nafasi zilizo kati yake.

Tuchukue kiwanda kinachopasha tani 100 kwa saa, kutoka nyuzi 70 hadi 103, kwa mvuke wa nyuzi 115. Joto linalohitajika ni kilowati 3,500 hivi, na wastani wa tofauti kati ya mvuke na maji ni nyuzi 25. Kila mita ya mraba ya mirija hupitisha takriban wati 800 kwa kila nyuzi moja ya tofauti hiyo, kwa hiyo zitahitajika mita za mraba 175. Mabamba hupitisha takriban wati 2,500, nayo yatatosheka na 56. Sababu ni yale mawimbi, ambayo huyavuruga maji yasiteleze kwa utulivu kando ya chuma.

Mvurugo huo hulipiwa na pampu. Mwendo wa maji ukiongezwa maradufu, shinikizo linalopotea njiani hukaribia kuwa mara nne, katika mirija na katika mabamba vilevile. Lakini nafasi kati ya mabamba ya kawaida ni milimita chache tu, na maji mabichi ya miwa yamebeba nyuzinyuzi za makapi. Chujio likitoboka, nyuzinyuzi hizo hujikusanya kwenye midomo ya mabamba.

Fundi hulitambua tatizo kwa kusoma geji mbili. Shinikizo la kuingilia likipanda haraka, njia imezibwa na makapi. Shinikizo likitulia huku joto la kutokea likishuka siku hadi siku, ni magaga yanayojijenga juu ya chuma.

Magaga huyeyushwa kwa kuzungusha kostiki soda ya moto, na mabamba hunufaika sana kwa hilo kwa sababu dawa hufika kila mahali kwa kasi. Makapi hayayeyuki. Kwenye mirija, mfuniko hufunguliwa na brashi ikapitishwa mrija mmoja baada ya mwingine. Mrija uliotoboka huzibwa kwa plagi na kazi ikaendelea. Mabamba inabidi yalegezwe bolti, yatenganishwe na kuoshwa, kisha yakazwe hadi kipimo kilichotajwa na mtengenezaji. Gasketi ikikaa vibaya, maji huvuja.

Ndiyo maana mpango wa busara ni kuweka mirija, au mabamba ya nafasi pana, kwa maji mabichi, na mabamba ya kawaida kwa maji yaliyokwisha kutuama, yanapopashwa tena kabla ya kuingia kwenye matangi ya kuyakausha.