Jenereta Inayowaka Kisha Ikakata

Mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, mgao wa umeme ulipoisumbua Tanzania, jenereta ndogo za petroli zilinguruma kwenye vibaraza vya saluni, maduka na vibanda vya kuchomelea. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi, makali ya mgao yakapungua, na wenye jenereta wakazisukumia stoo. Wengi hawakukumbuka kumwaga mafuta yaliyobaki ndani. Hapo ndipo ulipoanzia ugonjwa ambao mafundi wa injini ndogo wanaujua vizuri: siku umeme unakatika, jenereta inavutwa kamba, inawaka, inanguruma kidogo, kisha inakata.

Mfano mzuri ni wa kinyozi mmoja wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Jenereta yake ni ya kilowati 2.5, injini ya stroki nne, yaani ile inayowekewa petroli tupu kwenye tangi na oili yake peke yake chini. Alipoipeleka kwa fundi alikuwa tayari ameshanunua plagi mpya.

"Fundi, inawaka vizuri tu, halafu inakata. Nimeambiwa ni plagi."

"Inakata baada ya muda gani, kaka? Ukiiacha na choki inakuwaje?"

Maswali hayo mawili yana thamani kuliko spana yoyote. Kinyozi alijibu kwamba inakata sekunde chache tu baada ya kurudisha choki, na akiivuta tena inaendelea kwa kukohoa. Fundi akaiweka pembeni ile plagi mpya. Injini inayokubali kuendelea kwa choki ina cheche. Inachokosa ni petroli ya kutosha. Choki ikivutwa hewa hupungua, mvuto ndani ya kabureta huongezeka, na petroli kidogo hulazimika kupita hata kwenye tundu lililozibika nusu. Choki ikirudishwa, hewa inaingia tele huku petroli ikiwa ileile kidogo, na moto unakufa.

Muda wa kukata nao unasema mengi. Injini inayokufa mara choki inaporudishwa inaelekeza kidole kwenye jeti. Ile inayofanya kazi vizuri kwa dakika moja au zaidi ndipo ikafa, halafu ikakubali kuwaka tena baada ya kupumzishwa, mara nyingi imemaliza petroli iliyokuwa kwenye bakuli la kabureta na haipati nyingine kwa kasi inayotakiwa. Hapo kosa linatafutwa kwenye tangi, koki au mpira wa mafuta. Inayokufa ghafla baada ya kupata moto, kisha ikakataa kuwaka mpaka ipoe, inaweza kuwa na koili inayochoka kwa joto, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Kabla ya kufungua chochote kuna jambo la bure la kuangalia: oili. Jenereta nyingi za aina hii zina swichi inayozima cheche oili ikishuka chini ya kiwango, ili injini isijisage. Injini yenyewe hubeba oili kama lita 0.6 tu, kwa hiyo upungufu mdogo unatosha kuizima, na hata ikiwa na oili kamili lakini imewekwa kwenye mteremko, swichi inaweza kudanganyika. Iwekwe mahali tambarare, kifuniko kifunguliwe, oili ionekane imefika ukingo wa tundu.

Baada ya oili, petroli. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Fundi wa Chanika aliweka chupa angavu chini yake, akailegeza. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi, kikinuka vanishi, na chini ya chupa kulikuwa na matone mawili ya duara yaliyokuwa yakiteleza kila chupa ilipoinamishwa. Yale matone ni maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji na havichanganyiki, hivyo maji hukaa chini kabisa, mahali palepale jeti inapofyonza. Huingia kwa mvua kupitia kifuniko kibovu, au kwa unyevu unaoganda ndani ya tangi lililokaa nusu tupu.

Harufu ya vanishi ni habari nyingine. Petroli iliyokaa muda mrefu hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, na inayobaki huungana na oksijeni ya hewani ikatengeneza utomvu unaonata. Kwenye joto la pwani, mafuta yaliyokaa miezi miwili au mitatu ndani ya kabureta hayafai kuaminiwa. Ya kinyozi yalikuwa na miezi mitano. Kuyaongezea petroli mpya juu yake hakusaidii. Yalimwagwa yote, tangi likasuuzwa.

Kama kuna shaka kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa, udanganyifu ambao serikali ya Tanzania ilijaribu kuuvunja mwaka 2011 kwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa, tone moja juu ya karatasi nyeupe linasaidia. Petroli safi huyeyuka hewani upesi bila kuacha alama ya maana; yenye mafuta ya taa huacha doa la ung'avu linalokawia.

Kisha mtiririko. Mpira wa mafuta unachomolewa kwenye kabureta, ncha yake inaingizwa kwenye chupa, koki inafunguliwa. Petroli itoke kwa mkondo mfululizo. Ikianza kwa nguvu halafu ikafifia, kifuniko cha tangi kifunguliwe: ikirudi kutiririka, basi kijitundu cha kupitishia hewa kwenye kifuniko kimeziba, na tangi lilikuwa likivuta bila kupata pumzi. Isiporudi, kichungi kilicho juu ya koki au kikombe cha uchafu kilicho chini yake kimejaa tope. Ya kinyozi ilitiririka vizuri. Kesi ikabaki kwa kabureta.

Kazi hii hufanywa nje, injini ikiwa imepoa, koki imefungwa, waya wa plagi umechomolewa, na pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Fundi yule kwanza alipiga picha kwa simu: springi na vijiti vya gavana vilivyoshika kabureta. Picha hiyo ni muhimu kwa sababu gavana ndiye anayeilinda kasi ya injini kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50. Springi ikirudishwa tundu lisilo lake, jenereta inaweza kuwaka vizuri na kuunguza redio.

Mara nyingi si lazima kung'oa kabureta nzima. Bolti moja ya chini, kwa kawaida spana namba 10, inashusha bakuli. Ndani yake kuna boya, na juu ya boya kuna sindano fupi inayofunga na kufungua mlango wa petroli. Pini ya boya huchomolewa kwa koleo bila nguvu, sindano hutolewa na ncha yake kuangaliwa: ikiwa na mfereji uliochimbika, haifungi tena na petroli itafurika. Kwenye mnara wa katikati, bisibisi bapa yenye upana sahihi inafungua jeti kubwa, skrubu ya shaba nyeupe au njano yenye tundu katikati. Nyuma yake hushuka kijibomba chenye matundu madogo ubavuni, na hicho nacho kisisahaulike, maana utomvu hukaa humo pia.

Jeti inainuliwa kuelekea jua. Tundu lake halifiki milimita moja, na lisipoonyesha mwanga wa duara kamili limeziba. Ya kinyozi ilionyesha uzi mwembamba wa mwanga upande mmoja. Hapa watu wengi huharibu: wanachukua pini au waya wa chuma na kuchokonoa. Shaba ni laini, tundu likitanuka injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi siku zote. Kinachofaa ni kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, pamoja na dawa ya kopo ya kusafishia kabureta inayouzwa maduka ya spea. Jeti na kijibomba viloweshwe, mshipi upitishwe, dawa ipulizwe kwenye kila tundu la kabureta mpaka itokee upande wa pili, kisha hewa ya kompresa. Macho yakingwe, dawa ile hurudi usoni kwa kasi. Raba na oringi ziwekwe mbali nayo, kwani baadhi huvimba.

Kusafisha nusunusu kunajulikana kwa sauti. Injini ikiwaka na kuanza kupanda na kushuka bila mzigo, jeti bado ina uchafu, au hewa inapenya kwenye gasketi kati ya kabureta na injini.

Chujio la hewa halikuchukua muda. Lililoziba husababisha kinyume cha ugonjwa huu, petroli nyingi na hewa haba, lakini linaweza kuizima injini vilevile. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Hukung'utwa au hubadilishwa. Kuliosha kwa petroli ni kutafuta moto.

Plagi ndiyo iliyofuata mwishoni. Rangi yake inathibitisha yaliyotangulia: kahawia hafifu ni afya, nyeusi ya masizi ni petroli iliyozidi, nyeupe iliyochomeka ni petroli pungufu. Ya kinyozi ilikuwa karibu nyeupe, sawa kabisa na jeti iliyoziba. Ilisuguliwa kwa brashi, mwanya wake ukapimwa na kukutwa ndani ya milimita 0.7 hadi 0.8 zinazotakiwa, ikarudishwa kwa vidole kwanza ili isiharibu nyuzi za alumini, kisha spana ikaikaza kidogo.

Petroli mpya lita mbili, koki wazi, choki, kamba. Choki iliporudishwa injini iliendelea. Fundi hakuishia hapo. Aliunganisha mashine ya kukaushia nywele na kuiacha nusu saa, kwa sababu jenereta isiyobeba mzigo haijapimwa. Plagi mpya ilibaki kwenye boksi lake.

Yenye stroki mbili, ile ndogo ya wati 650 inayochanganyiwa oili kwenye petroli, husafishwa kwa njia hiyohiyo, ila mchanganyiko wake, kwa kawaida mililita 20 za oili kwa kila lita, usirukwe.

Na kwa yeyote ambaye jenereta yake inasubiri stoo sasa hivi: itoe nje, kamwe usiiwashe chumbani wala kwenye veranda iliyofungwa kwa sababu ya hewa ya kaboni monoksidi, iwashe, kisha funga koki na uiache inguruме mpaka ijizime yenyewe. Legeza skrubu ya bakuli, mwaga matone yaliyobaki, ifunge. Petroli ya kwenye tangi itumie kwingine kabla haijatimiza miezi miwili.