Karanga Zilipokatika Malawi

Mwaka 1990, mgao wa karanga ulikatika katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi. Chakula kikabaki mahindi kwa sehemu kubwa. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra: ngozi ya shingo, mikono na miguu, pale jua linapopiga, ikawa nyeusi na kubanduka.

Ajabu ni kwamba mahindi yana niasini, yaani vitamini B3. Ila nyingi imeshikamana na nyuzinyuzi za punje, na utumbo hauwezi kuichomoa.

Mwili una njia ya pili. Ini huchukua triptofani, mojawapo ya vijenzi vya protini, na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa niasini, kwa msaada wa vitamini B2, B6 na madini ya chuma. Ni biashara ya hasara: miligramu 60 hivi za triptofani hutoa miligramu 1 tu. Na zeini, protini kuu ya mahindi, karibu haina triptofani kabisa.

Meksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa huiachilia niasini. Unga wa ugali haupitishwi huko, na kambini karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo.