Kiondo kimoja, milango miwili

Tuseme mwanamke mmoja wa Machakos ana viondo vya mkonge arobaini vimetundikwa ukutani, simu yenye kamera nzuri na akiba ya shilingi 30,000. Majirani na watu wa kanisani wamekwisha kununua. Sasa anataka kuwauzia watu asiowajua, na kila anayemwomba ushauri anamwonyesha njia yake. Mmoja anamwambia aweke viondo kwenye soko la mtandaoni kama Jumia au Kilimall, ambako wanunuzi wako tayari. Mwingine anamwambia soko litammaliza kwa kamisheni, afadhali ajenge tovuti yenye jina lake ili kila shilingi iingie mfukoni mwake.

Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anasema habari za mteja wa mara ya kwanza, na wa pili anasema habari za mteja anayerudi. Hao ni watu wawili, na gharama ya kumpata kila mmoja ni tofauti kabisa.

Duka la kawaida, hata likiwa kibanda cha mabati, lina barabara mbele yake. Watu hupita, hutupa jicho, huuliza bei. Tovuti mpya haina barabara. Siku inapofunguliwa ni kama duka lililojengwa katikati ya pori: linaweza kuwa limepakwa rangi vizuri na bidhaa zimepangwa, lakini hakuna anayejua njia ya kufika. Soko la mtandaoni kwa upande wake ni kama meza ya Gikomba au Kariakoo. Muuzaji amebanana na wengine kumi wanaouza kitu kilekile, lakini watu wanapita kutwa.

Soko hutoa pia kitu kingine ambacho wauzaji wapya hukisahau, nacho ni imani. Mnunuzi wa Kisumu hamjui mwanamke wa Machakos na ana sababu ya kuogopa kutuma pesa kwa mtu asiyemwona. Akiagiza sokoni, anajua kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa, na mara nyingi kuna kituo cha kuchukulia mzigo mjini kwao. Kamisheni inalipia umati huo na imani hiyo. Swali ni kama bei yake inafaa.

Hapo hakuna jibu bila kalamu. Tufanye hesabu kwa mfano wa kiondo kinachouzwa shilingi 2,500. Mkonge, mikanda ya ngozi na malipo ya msukaji vinafika 1,300, na kufungasha ni 80. Nauli ya mzigo analipa mnunuzi. Kamisheni hutofautiana kwa aina ya bidhaa, kwa hiyo muuzaji asome jedwali la soko lake mwenyewe. Hapa tuichukue kuwa asilimia 15, yaani shilingi 375. Kila kiondo kinambakishia 745.

Mwezi ukileta oda 20, zisizorudi zinaweza kuwa 18, maana wapo wanaokataa mzigo ukifika na wapo wanaosema rangi si ile waliyoiona. Kumi na nane mara 745 ni 13,410. Toa 400 za kusafisha na kufungasha upya viwili vilivyorudi. Toa 1,600 za bodaboda wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha soko, safari nane za shilingi 200. Anabaki na 11,410.

Sasa tovuti yake mwenyewe. Fundi anamdai zile 30,000 za kuijenga kwa WordPress na WooCommerce, programu ambazo zenyewe hazilipiwi. Ukizigawa kwa miaka miwili ni 1,250 kwa mwezi. Jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi tuweke 800 kwa mwezi. Jumla ni 2,050 ambazo hazijali kama ameuza au hajauza. Kamisheni haipo, makato ya kupokea malipo ya M-Pesa tuyaweke shilingi 15 kwa oda. Kiondo kilekile sasa kinambakishia 1,105, na ndipo wengi hupiga makofi na kufunga daftari.

Lakini nani ataagiza? Analipia matangazo ya Facebook na Instagram. Tuseme anatumia 9,000, wanakuja wageni 600 kwa shilingi 15 kila mmoja, na kati ya kila wageni 60 ananunua mmoja. Hizo ni oda kumi. Kila mnunuzi amemgharimu 900 kabla hajafunga kifurushi, kwa hiyo zile 1,105 zimebaki 205. Kumi mara 205 ni 2,050, kiasi kilekile cha gharama ya tovuti. Mwezi mzima wa kazi umeisha na faida ni sufuri. Kamisheni ya 375 aliyoikimbia ilikuwa rahisi kuliko 900 za tangazo.

Hesabu inabadilika pale anapoingia mtu ambaye hakulipiwa: aliyenunua mwaka jana, rafiki aliyeona kiondo begani mwa mwenzake, binamu aliyetumiwa picha kwenye WhatsApp. Oda yake inaleta 1,105 kamili. Mwezi wenye oda kumi za tangazo na kumi za watu wa namna hii unaleta 11,050, karibu sawa na sokoni. Wakiwa 15 kati ya 20, tovuti inamwachia 15,550 na soko limeachwa nyuma. Kwa tarakimu hizi mpaka uko karibu na nusu. Muuzaji mwenye kamisheni ndogo au matangazo ghali zaidi atauona mpaka wake mbali zaidi, lakini utafutaji ni uleule.

Aina ya bidhaa ina uzito mkubwa hapa. Kiondo kizuri hudumu miaka, na aliyenunua leo huenda asihitaji kingine mpaka binti yake atakapoolewa. Mafuta ya nazi ya nywele huisha. Bizari ya pilau huisha. Muuzaji wa vitu vinavyoisha anaweza kufika ile nusu mapema, kwa sababu mnunuzi mmoja hurudi mara kadhaa kwa mwaka. Msukaji wa viondo anategemea zaidi sifa ipite mdomo kwa mdomo, jambo linalochukua muda, na kwa hiyo kujenga tovuti katika mwezi wa kwanza ni kulipa kodi ya nyumba ambayo bado hana watu wa kuijaza.

Kukaa sokoni milele nako kuna hatari yake. Kampuni ya Jumia, iliyoanza Lagos mwaka 2012, iliingia katika soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba mwaka huohuo ilifunga biashara yake ya mauzo ya mtandaoni nchini Tanzania. Muuzaji aliyekuwa amekusanya nyota na maoni mazuri ya wanunuzi hakuweza kuyabeba kwenda mahali pengine, kwa kuwa sifa hiyo ilikaa katika ukurasa wa soko. Soko pia linaweza kubaki wazi na kubadilisha bei. Etsy, soko la Marekani linalojulikana kwa kazi za mikono, lilipandisha ada ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5 mnamo Aprili 11, 2022, na maelfu ya wauzaji wakafunga kurasa zao kwa wiki nzima kupinga. Ada ilibaki ileile mpya.

Kuna na uchungu wa kila siku. Soko linapofanya wiki ya punguzo, mara nyingi sehemu ya punguzo hutoka kwa muuzaji. Anayekubali kushusha kiondo hadi 1,900 bila kurudia hesabu hatambui kwamba kamisheni imekuwa 285 na faida imeshuka kutoka 745 hadi 235. Mauzo yataongezeka na pesa zitapungua, na ataligundua hilo siku ya kununua mkonge.

Tovuti nayo ina maradhi yake, na mawili huwapata wageni mara nyingi. La kwanza ni jina la tovuti kuandikishwa kwa jina la fundi. Fundi akihama au wakikosana, mwenye biashara hana mlango wa kuingilia kwake. Jina linaloishia na .co.ke liandikishwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara tangu siku ya kwanza, na nywila azishike yeye.

La pili ni malipo yanayopotea njiani. Mteja anaweka namba ya siri ya M-Pesa, pesa zinakatwa, lakini taarifa ya kuthibitisha haifiki kwenye tovuti. Oda inabaki imeandikwa "Pending payment", muuzaji anadhani mteja ameghairi, na mteja anadhani ametapeliwa. Dawa yake ni ya kizamani: kila jioni linganisha orodha ya oda na taarifa ya malipo ya M-Pesa, msimbo kwa msimbo. Kwa oda mbili tatu kwa siku ni kazi ya dakika kumi, na inalinda jina ambalo tangazo haliwezi kulinunua.

Huyu wa Machakos basi afanye nini? Aanze sokoni, na asiweke viondo vyote arobaini. Vinane vilivyopigwa picha kwenye mwanga wa asubuhi vinatosha, kimoja kikiwa begani mwa mtu ili ukubwa wake uonekane, na urefu na upana vikiandikwa kwa sentimita, kwa kuwa oda nyingi zinazorudi huanzia kwenye picha inayodanganya ukubwa. Ndani ya kila kiondo ashone kitambaa kidogo chenye jina la biashara yake. Masoko mengi hukataza kuandika namba ya simu kwenye picha au maelezo, na anayekiuka anaweza kufungiwa ukurasa. Jina lililoshonwa kwenye bidhaa ni alama ya bidhaa yenyewe. Jina hilohilo aliweke kwenye WhatsApp Business pamoja na orodha ya picha na bei. Haina gharama, na anayemtafuta kwa jina atamkuta.

Jambo moja aliangalie akiuza katika sehemu mbili: kiondo cha bluu kilichobaki kimoja kisionekane kote kuwili. Kikinunuliwa WhatsApp asubuhi na sokoni mchana, oda moja itafutwa, na masoko huweka kumbukumbu ya muuzaji anayefuta oda na kumshusha kwenye orodha.

Kisha anunue daftari. Kila oda inayokuja kwa WhatsApp aulize, "Umetujuaje?" na aandike jibu, tarehe na rangi iliyonunuliwa. Za sokoni azihesabu kando. Baada ya miezi mitatu ahesabu wangapi kati ya wanunuzi wake walikuja kwa jina lake. Wakifika nusu, fundi aitwe. Wakiwa wanne kati ya ishirini, zile 30,000 zinunue mkonge na ngozi za viondo vingine ishirini, na hesabu irudiwe baada ya miezi mitatu mingine.