Kashata za karanga zisizovunja jino: kijiko kimoja cha soda na dakika moja ya mwisho

Wajasiriamali wa kashata, ujumbe huu mnaujua: "Dada, kashata zako tamu ila ngumu kama jiwe." Mteja wa namna hiyo harudi tena, na mbaya zaidi anaandika pale chini ya picha yako kila mtu aone.

Dawa yake ni bekingi soda, kijiko kimoja tu cha chai. Ila soma pakiti vizuri: iwe ni baikaboneti ya sodiamu ya kupikia. Beking pauda ni kitu kingine, na magadi ya watengeneza sabuni hayaliwi kabisa.

Soda ikikutana na shira ya moto inatoa gesi. Gesi inajaza shira vitundu vidogo vidogo, na shira ikipoa vinabaki humo humo. Kashata yenye vitundu inavunjika kwa urahisi mdomoni, isiyo navyo ni kioo. Sasa shida ni kwamba gesi haingoji. Ukiweka soda mapema, shira ikiwa bado inachemka, yote inapanda hewani. Ukichelewa kumimina, inagandia kwenye sufuria.

Tuchukue mfano wa sufuria moja: sukari gramu 400, maji nusu kikombe, ndimu kijiko kimoja cha chai (inazuia sukari isirudi kuwa chenga), karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 300, siagi kijiko kimoja kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tumia sufuria yenye kina, maana mchanganyiko utafura. Shira hii ni moto kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Kabla ya kuwasha jiko, paka sinia mafuta na liweke karibu. Soda ichekeche iwe tayari kwenye kikombe. Bonge likibaki, mteja atakutana na doa la kahawia lenye uchungu. Karanga nazo ziwe za moto. Karanga baridi zinaipoza shira ghafla, inakuwa nzito kabla hujafika kwenye soda.

Chemsha sukari, maji na ndimu. Sukari ikishayeyuka acha kukoroga. Kama una kipimajoto, subiri nyuzi 150. Kama huna, dondoshea tone kwenye maji baridi, litoe, livunje. Likilia "tak", tayari. Likipinda au likinata kwenye meno, bado, na soda haitakusaidia hapo, utapata kashata laini ya kutafuna kama tofi. Rangi ikianza kuwa ya manjano inatosha, usingoje kahawia, kwa sababu soda yenyewe itaongeza rangi.

Tia karanga, geuza kama nusu dakika kwa moto mdogo. Ipua. Tia siagi na chumvi, kisha nyunyiza soda na ukoroge haraka hadi kila sehemu ipauke na kufura. Sekunde kumi hivi. Mimina hapo hapo.

Na hapa wengi tuliozoea kashata za kukandamiza kwa chupa tunaharibu. Ukikandamiza unatoa ile hewa uliyoihangaikia. Sambaza kwa mgongo wa mwiko uliopakwa mafuta, kidogo tu, halafu achana nayo. Kama unataka vipande vya pembe, chora mistari kwa kisu ikiwa bado laini. Mimi napendelea kuivunja ovyo ikishapoa.

Vunja kipande uangalie ubavuni. Vitundu vidogo vilivyoenea kote, umepatia. Ikiwa ni kioo kitupu, uliweka soda mapema au soda yako imechoka. Ijaribu kwa kudondoshea ndimu. Isipotoa povu, nunua nyingine. Ladha ya sabuni maana yake umezidisha, na kuongeza kijiko cha pili hakuleti wepesi zaidi.

Korosho zinafuata njia hiyo hiyo, ila zikaange kidogo tu maana zinaungua upesi.

Upande wa biashara kuna mambo mawili yanabadilika. Kashata hii inajaza mfuko kwa uzito mdogo, kwa hiyo uza kwa gramu, si kwa vipande. Sufuria hiyo inakupa kama gramu 700, yaani mifuko saba ya gramu 100. Pili, vile vitundu vinavuta unyevu wa hewa haraka. Kwa hali ya hewa ya Dar au Tanga, ukiiacha wazi mpaka kesho itanata. Isubiri ipoe kabisa, kisha funga siku hiyo hiyo kwa mashine ya kuzibia mifuko. Ya kusafiri kwa basi iweke kwenye kikopo kigumu, maana wepesi huo huo unaifanya ipondeke njiani.